Nyota Haziombwi Katikati ya Hesabu

Tuseme ni Jumapili saa kumi alasiri, na kikoba cha watu 22 kimekaa chini ya mwembe. Sanduku la kufuli tatu limefunguliwa, fedha zimewekwa juu ya kitambaa, na mweka hazina ameshika simu akiingiza hisa za mtu wa kumi na nne. Kila hisa ni shilingi 5,000. Macho ya wote yako kwenye vidole vyake. Ghafla katikati ya skrini kinachomoza kisanduku kinachomuuliza ataipa programu hii nyota ngapi. Anakiondoa haraka, lakini akirudi kwenye orodha hakumbuki kama yule wa kumi na nne alishamwandikia hisa mbili au bado. Inabidi aanze upya, na kuna mzee mmoja ameshaanza kuguna.

Usiku, mweka hazina huyo ataifungua Google Play na kuacha nyota moja. Programu ilimfaa miezi minne mfululizo na hakuwahi kuiandikia neno. Imemkwaza mara moja, ameandika.

Programu hii ya kikoba ni mfano niliouunda kwa ajili ya makala haya, ila mambo yanayoipata ndiyo yanayozipata programu nyingi ndogo zinazotengenezwa Dar es Salaam, Nairobi, Mwanza na kwingineko. Aliyeridhika hunyamaza, kwa sababu kitu kinachofanya kazi hakimpi mtu sababu ya kukizungumzia. Aliyekasirika ana jambo la kusema na analisema siku ileile. Kwa hiyo programu inayongoja watu wajiandikie wenyewe hubaki na sifa iliyotungwa na waliokasirika peke yao.

Hesabu yake inauma kuliko watu wanavyodhani. Programu yenye wapigaji kura 40 na wastani wa nyota 4.6 ina jumla ya nyota 184. Wakija watu watano na kuacha nyota moja moja, jumla inakuwa 189 kwa watu 45, na wastani unashuka hadi 4.2. Ili kurudi 4.6 panahitajika watu wengine 45, na kila mmoja wao atoe nyota tano kamili. Watano wa hasira wamehitaji arobaini na watano wa furaha. Tangu mwaka 2019 Google Play huzipa kura za karibuni uzito zaidi ya zile za zamani, hivyo hesabu ya dukani haifuati wastani huu wa kawaida nukta kwa nukta. Kwa programu iliyoharibika wiki hii, hilo linaongeza maumivu. Kwa iliyotengenezwa wiki hii, ni nafuu.

Hivyo kuomba ni lazima. Swali ni nani aombwe na lini, na hapo maduka yenyewe yameweka mipaka ambayo watengenezaji wengi hawaijui mpaka wagonge ukuta. Apple ilileta kisanduku chake cha kuomba nyota mwaka 2017, na Google ikaleta chake mwaka 2020. Kisanduku hutokea ndani ya programu, mtu anatoa nyota zake na kuendelea na kazi bila kupelekwa dukani. Lakini mwenye kisanduku ni duka. Mtengenezaji huomba tu kionyeshwe, na duka ndilo huamua. Kwenye aifoni mtumiaji mmoja hawezi kukiona kwa programu moja zaidi ya mara tatu katika siku 365. Google haisemi idadi, ila inatahadharisha kwamba ukiomba zaidi ya mara moja ndani ya muda mfupi, mathalani chini ya mwezi, huenda kisionekane.

Fikiri maana yake. Aliyepanga kisanduku kitokee kila mtu anapofungua programu ameteketeza nafasi zake zote tatu za mwaka katika siku tatu za kwanza, wakati mtumiaji hajajua hata kitufe cha kuongeza mwanachama kiko wapi. Miezi kumi na moja inayobaki, mtu huyo atafunga hesabu zake vizuri kila Jumapili na hataulizwa tena.

Kuna mtego mwingine hapohapo. Wengi huweka kitufe kilichoandikwa "Tupe nyota" na kukifunga kwenye kisanduku hicho. Mtu akikigusa baada ya nafasi kuisha, hakuna kinachotokea. Anagusa tena, kimya, anaamini programu imeharibika. Kitufe cha namna hiyo kimpeleke mtu moja kwa moja kwenye ukurasa wa programu dukani. Na kwa kuwa duka halimwambii mtengenezaji kama mtu ametoa nyota au amekifunga tu kisanduku, usimwekee ujumbe wa "Ahsante kwa nyota zako". Hujui kama amezitoa.

Sasa turudi chini ya mwembe tuutafute wakati unaofaa. Wazo la kwanza la watu wengi ni kuhesabu siku: baada ya wiki moja, au baada ya kufungua mara kumi. Siku hazisemi kitu. Mtu anaweza kufungua programu mara kumi kwa sababu imemgomea mara tisa. Kinachofaa kuhesabiwa ni kazi iliyokamilika, na kwa programu ya kikoba kazi hiyo ina alama iliyo wazi: kikao kimefungwa, na jumla iliyo kwenye simu imelingana na fedha zilizo sandukuni. Watu 22 wakinunua hisa mbili mbili ni shilingi 220,000, na mfuko wa jamii wa 1,000 kwa kila mmoja ni 22,000, jumla 242,000. Fedha zikihesabiwa zikawa 242,000, yule mweka hazina hushusha pumzi. Hakuna atakayemwita mwizi wiki hii.

Hata hivyo, mimi nisingemuuliza pale. Bado kufuli hazijafungwa, watu wanaaga, na mara nyingi data ya simu imezimwa ili kuokoa bando. Ningengoja hatua moja zaidi: anapotuma taarifa ya kikao kwenye kundi la WhatsApp la kikoba. Hatua hiyo inaeleza mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, simu ina mtandao, na bila mtandao kura haifiki dukani. Pili, na hili ndilo kubwa, mtu huyo ameiamini taarifa kiasi cha kuitia jina lake mbele ya wenzake wote. Sijui alama bora ya kuridhika kuliko hiyo. Akirudi kwenye programu baada ya kutuma, hana kazi nyingine mkononi. Hapo aulizwe.

Masharti mengine yanafuata kutoka hapo. Awe amefunga vikao vinne hivi vilivyolingana, ili iwe tabia na isiwe bahati. Programu isiwe imejifunga yenyewe au kushindwa kuhifadhi rekodi kwenye simu yake katika siku saba zilizopita. Na toleo jipya likitoka, kuomba kusimame siku kadhaa mpaka ijulikane kama halina kasoro. Google Play inaruhusu toleo jipya lipewe asilimia ndogo ya watumiaji kwanza, na huo ndio wakati wa kusikiliza. Ukiwaomba nyota watu wote juu ya toleo bovu, umewaita mashahidi wote siku uliyoanguka. Ndiyo maana ni busara ruhusa ya kuomba iwe kwenye seva yako, uweze kuizima saa ileile bila kungoja toleo jingine.

Vipi siku ya gawio, mwisho wa mzunguko, watu wanapogawana walichoweka? Inavutia, maana furaha ni kubwa. Lakini siku hiyo simu inapita mikono mingi, kila mtu anataka kuona mstari wake, na wako wasiofurahia walichopata. Ningemuuliza kesho yake, mweka hazina anapofungua peke yake nyumbani kutazama mzunguko uliofungwa. Ni vema kumbakizia nafasi moja kati ya zile tatu kwa ajili ya asubuhi hiyo.

Kuna njia ya mkato ambayo imeenea sana nami siipendi. Programu inauliza kwanza, "Je, unaipenda programu yetu?" Anayejibu ndiyo anaonyeshwa kisanduku cha nyota, anayejibu hapana anapelekwa kwenye fomu ya malalamiko isiyosomwa na mtu wa nje. Google inakataza wazi kumuuliza mtu swali kama hilo kabla ya kisanduku, na Apple nayo inataka kisanduku chake ndicho kitumike, si cha kujitungia. Zawadi ni hivyo hivyo: huruhusiwi kumpa mtu bando au salio ili atoe nyota. Hata bila katazo, chujio hilo linamdanganya msomaji wa dukani, naye ndiye anayekwenda kukabidhi programu hiyo fedha za wenzake. Kuchagua wakati wa utulivu ni halali, kwa sababu yeyote aliyefika hapo, awe na sifa au lawama, anaonyeshwa kisanduku kilekile.

Lakini hata ukichagua wakati vizuri namna gani, nyota moja itakuja. Chukua hii:

"WIZI MTUPU!!! Nimeingiza hisa za watu 22 zimepotea zote. Wanakikundi wananiita mwizi. Msipakue takataka hii."

Mtengenezaji akiisoma saa nne usiku, moyo unaenda mbio. Jibu la kwanza linalomjia huwa la namna hii: "Ndugu mteja, tatizo si la programu. Ulitakiwa kuweka nakala ya rekodi kama ilivyoelezwa kwenye maelekezo." Huenda ni kweli. Lakini anayelisoma zaidi si yule aliyeandika. Ni mweka hazina wa kikoba kingine, anayetazama maoni mabaya kabla ya kupakua, akitaka kujua litamkuta nini siku mambo yakimharibikia. Ameshajibiwa: atalaumiwa.

Kabla ya kuandika lolote, yasome maneno ya hasira ukitafuta habari ndani yake. Hapo zimo tatu. Rekodi zilikuwepo kisha hazionekani. Zimetoweka za wote, si za mtu mmoja. Na kilichomuumiza zaidi ni kuitwa mwizi. Programu imemponza mbele ya watu. Kisha tazama ukurasa wa mtengenezaji wa Google Play, ambao huonyesha aina ya simu iliyotumika na toleo la programu lililokuwemo. Tuseme ni toleo la 3.2, na kuna malalamiko mengine mawili ya siku mbili hizi, yote ya 3.2. Unajaribu kwenye simu yako: unaweka 3.2, unazima data, unafungua. Orodha ni tupu. Unawasha data, bado tupu. Lakini faili la rekodi lipo kwenye simu, halijaguswa. Kumbe 3.2 ilikuwa inangoja ithibati ya seva kabla ya kuonyesha orodha, na ikikosa mtandao mara ya kwanza haijaribu tena.

Sasa unalo la kusema, na Google Play inakupa herufi 350 tu, nafasi na nukta zikihesabiwa. Kila neno lilipie mahali pake:

"Ndugu, tunaomba radhi. Kosa ni letu: toleo la 3.2 lilificha rekodi kwenye simu zisizo na mtandao. Rekodi hazijafutwa. Tafadhali usiiondoe programu kwenye simu. Weka toleo la 3.3, fungua Mipangilio, gusa Rejesha rekodi. Ikigoma, tuandikie kwa barua pepe iliyo chini ya ukurasa huu. Pole kwa yaliyokukuta mbele ya wanakikundi."

Angalia mpangilio wake. Kuomba radhi kumetangulia, na "pole" imekuja mwisho, kila moja kwa kazi yake. Kiswahili kimetupa maneno mawili hapa na wengi huyachanganya. Pole humpa mtu aliyenyeshewa na mvua. Haisemi nani aliyeileta mvua. Mtengenezaji aliyepoteza rekodi akiandika "pole kwa usumbufu" tu, anasikika kama mpita njia. Kosa likiwa lako, sema tunaomba radhi, kisha litaje kosa lenyewe. Pole ibaki kwa yale ambayo huwezi kuyarekebisha, kama aibu aliyoipata chini ya mwembe.

Lile onyo la kutoiondoa programu ndilo muhimu kuliko yote, ingawa halina adabu wala utamu wa pekee. Mtu mwenye hasira akikuta orodha tupu, kitu cha kwanza anachofanya ni kuiondoa programu na kuiweka upya, na akiiondoa, faili ambalo lilikuwa salama linaondoka nayo. Jibu la upole lililochelewa kusema hivyo limempotezea rekodi alizokuwa bado anazo. "Ndugu" nayo imechaguliwa: jina la kwenye akaunti halikuambii kama unaongea na kaka, dada au mama wa watu, na ndugu inawafaa wote. Jibu lenyewe halimwombi abadilishe nyota. Duka humjulisha kwamba amejibiwa, na kubadilisha ni hiari yake. Wala halimwombi namba ya simu hadharani, wala halitaji kiasi cha fedha kilichokuwa kwenye rekodi zake. Ukurasa ule unasomwa na kila mtu.

Na kama bado hujaijua sababu? Usiibuni. Andika kwamba mmelipokea, mnalijaribu kwenye simu ya aina ileile, asiiondoe programu, na mtarudi hapo kesho jioni. Kesho jioni urudi. Nafasi ya jibu ni moja kwa kila oni, ila inaweza kuhaririwa, kwa hiyo lile la kwanza unalibadilisha likawa na dawa ndani yake. Jibu lililoahidi kesho likabaki hivyohivyo miezi mitatu ni baya kuliko kunyamaza, maana tarehe yake inaonekana.

Si kila nyota moja inahitaji kazi kubwa hivyo. Anayeandika "inakula bando" aelezwe programu hutumia mtandao wakati gani na jinsi ya kuzuia, basi. Anayelalamikia jambo ambalo programu inalifanya, ila hakuliona, amekuonyesha kwamba kitufe kimefichika. Mwelekeze, kisha kasogeze kitufe. Kuna anayetoa nyota moja akaandika "nzuri sana": mshukuru, na umweleze kwa upole kwamba nyota tano ndizo za juu kabisa. Matusi matupu na matangazo ya watu wengine unaweza kuyaripoti dukani, lakini duka halifuti oni kwa sababu limekuumiza, na kuripoti malalamiko ya kweli ni kupoteza muda ambao ungeutumia kutafuta kasoro. Anayetukana huku akilalamikia jambo la kweli, jibu jambo la kweli. Tusi liache lilipo. Wasomaji wanaliona na wanajua la nani.

Jibu la oni baya lisitumwe na aliyeliandika kabla mtu wa pili hajalisoma kwa sauti. Kwa sauti, kwa sababu "ulitakiwa" ikisomwa kimya ni neno la kawaida, ila ikitamkwa inakuwa kidole puani. Kama uko peke yako, lala nalo. Malalamiko ya saa nne usiku yakijibiwa saa mbili asubuhi hayajachelewa, ilimradi lile onyo la kutoiondoa programu umelituma usiku uleule, kwa mistari miwili.

Nawe unayetumia programu hizi, siku ukiandika lalamiko, taja ulikuwa unafanya nini, na kama mtandao ulikuwepo. Kwa maneno hayo machache kasoro hupatikana ndani ya saa moja badala ya wiki. Na ukishatengenezewa, rudi ukaitazame ile nyota uliyoiacha. Itabaki pale kama ulivyoiweka mpaka wewe mwenyewe uibadilishe.